Malengelenge ya jua, ya maji ya moto na ya soda: ufanye nini kabla ya kufika kwa muganga (mwongozo kamili)

Jumamosi moja asubuhi hapa Goma, kwenye parsele ya jirani, kuko mama anayepika sabuni ya kuuza, alikuwa anachanganya soda kostiki na maji kwenye ndoo ya plastiki, mtoto akapita mbio akagonga ndoo, yale maji yakamrukia mama mkono wa kulia kutoka karibu na kiwiko mpaka kwenye vidole na mengine yakamwagika kwenye paja juu ya kitenge. Kelele iliyosikika ilikuwa moja tu, maji ya moto! maji ya moto! Na ni kweli yalikuwa ya moto, kwa sababu soda ikiingia kwenye maji inayapasha yenyewe bila makala wala mbabula, ndoo inatoa mvuke kama umepika. Wakamwagia gobele tano sita za maji, maumivu yakatulia kidogo, mmoja akavunja yai akampaka ule ute mweupe, mama akaketi kwenye kiti akasema sasa naona afadhali.

Mimi nafanya kazi ya uuguzi, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku nikaitwa. Nilipomshika vidole nikasikia ngozi inateleza, kama mkono uliopakwa sabuni haujasuguliwa. Hapo nikajua ile kitu bado iko pale na bado inakula ngozi, hata kama mama anasema afadhali.

Naandika hii juu ya huo mkono. Lengelenge la jua, la maji ya moto na la soda au asidi, ukiyatazama kwa macho yanafanana sana, yote ni ngozi imeinuka na maji ndani. Lakini kile unachotakiwa kufanya saa ya kwanza hakifanani, na kosa kubwa naloliona kila mara ni watu kutibu kitu cha kemikali kama vile ni maji ya moto, au kusema "ni jua tu" wakati si jua.

Kwanza uliza ilianza saa ngapi

Kabla ya kuuliza dawa gani, uliza saa. Jua linachelewa. Mtu anakaa juani saa sita mchana, anarudi nyumbani akiwa mzima, jioni ndio anaanza kusikia ngozi inachoma na imekaza, usiku hawezi kulalia bega, na kesho yake ndio malengelenge yanatokea, madogo madogo mengi, saa nyingine yanaungana. Kama mtu anakwambia "nilitoka sokoni nikaanza kuchomeka palepale, baada ya dakika kumi kukawa na lengelenge", hilo jua usiliamini, tafuta kitu kingine kilichogusa ngozi.

Maji ya moto, chai, uji, mafuta ya kukaanga sambaza, hayo yanauma sekunde ileile. Lengelenge linaweza kutokea ndani ya dakika chache au ndani ya saa kadhaa, lakini maumivu hayangoji.

Kemikali ndiyo inadanganya. Asidi ya batri ya gari mara nyingi inauma mapema, mtu anaruka. Lakini soda kostiki, chokaa na simenti mbichi ziko upande mwingine, zinaweza kuanza polepole, mwashi anafanya kazi siku nzima amepiga magoti kwenye simenti yenye maji, jioni akivua suruali ndio anaona magoti yamebabuka na hakusikia kitu kikubwa. Vitu vya namna hiyo vinayeyusha mafuta ya ngozi na kuingia ndani zaidi na zaidi kadiri vinavyokaa, ndiyo sababu ngozi inateleza. Maumivu kupungua si alama ya kupona hapo.

Halafu tazama mipaka yake

Jua linachora mpaka kama rula. Linaishia pale nguo inapoanza, kwenye kola, kwenye kamba ya singleti, chini ya saa ya mkononi. Na kuna sehemu halifiki, chini ya kidevu, nyuma ya sikio, ndani ya mikunjo. Maji ya moto yanafuata mteremko, juu panaungua zaidi, chini panaungua kidogo, na pembeni kuna matone matone, na mahali nguo nzito ilinyonya maji ndipo pabaya kuliko pengine. Kemikali nayo inachuruzika vilevile, lakini tazama nguo, ina matundu au imebadilika rangi, kuna harufu, na ngozi yenyewe inaweza kuwa nyeupe au ya kijivu au kahawia badala ya nyekundu.

Niwape mfano mmoja. Dada mmoja alikuja Jumatatu uso umejaa malengelenge madogo, anasema ni jua la Jumapili kwenye sherehe. Nikamwinua kidevu, chini ya kidevu pia yako, na kwenye kope za macho, na kwenye shingo mpaka chini ya kola ya blauzi. Jua lilipitaje huko? Nikamuuliza taratibu, bila kumwaibisha, nini kipya alichopaka wiki hii. Akatoa kwenye mkoba kikopo cha krimu ya kung'arisha ngozi, imechanganywa mtaani, haina karatasi wala jina la kilicho ndani, alikuwa amepaka siku tatu usiku na asubuhi. Hiyo ni kuungua kwa kemikali, na jua liliongezea juu yake, kwa sababu ngozi iliyochubuliwa haina tena kinga yake. Angeendelea kusema ni jua angerudi nyumbani apake ileile krimu "kutuliza", na wako wengi wanaofanya hivyo.

Na limao pia. Ukikamua malimao mengi halafu ukaenda juani bila kunawa, maji ya limao na jua vikikutana kwenye ngozi vinaweza kutoa malengelenge siku ya pili au ya tatu, yakiwa na umbo la matone au la vidole, baadaye panabaki alama nyeusi miezi. Watu wanafikiri ni urogi au mdudu. Ni limao.

Kama ni jua kweli

Wacha niseme kwanza jambo ambalo linanikera, ile kusema ngozi nyeusi haiungui na jua. Inaungua. Inachelewa zaidi na haionyeshi wekundu, ndiyo tofauti. Kwenye ngozi nyeusi tafuta moto, weka nyuma ya mkono wako utasikia pana joto kuliko pembeni, mtu anasema panauma, panawasha, pamekaza, rangi imekuwa nyeusi zaidi au kama zambarau, na baada ya siku kadhaa ngozi inabambuka. Na sisi hapa Goma tuko karibu kabisa na ikweta, juu ya mita 1500, hewa ya juu inazuia mionzi kidogo kuliko ya pwani, hali ya hewa ni ya ubaridi kwa hiyo mtu hasikii kama anaungua, na mawingu hayazuii yote. Wavuvi na wale wanaovuka ziwa siku nzima wanapata ya juu na ile inayorudishwa na maji. Ndugu zetu wenye ualbino hao wanaweza kuungua ndani ya dakika chache, kwao lengelenge la jua si jambo la kupaka vazelini na kunyamaza.

Hatua zake hazina haraka ya sekunde, kwa sababu kilichounguza kimeshaondoka, unatibu matokeo. Ingia kivulini, vua nguo inayosugua. Lowesha kitambaa safi kwa maji ya kawaida ya baridi, kamua kidogo, weka juu ya ngozi dakika kumi na tano hivi, rudia mara kadhaa kwa siku. Kama hakuna lengelenge bado unaweza kupaka losheni nyepesi isiyo na manukato, lakini vazelini na mafuta mazito siku ya kwanza yanafungia joto ndani, yaache. Kunywa maji yaliyotibiwa, kunywa zaidi ya kawaida, na kama mtu amekojoa kidogo na mkojo ni wa rangi nzito mpe ile chumvi ya kuharisha, SRO, pakiti moja kwenye lita moja ya maji. Parasetamoli inasaidia maumivu, mtu mzima gramu moja, arudie baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku. Mtoto anapewa kwa kilo zake, miligramu kama 15 kwa kila kilo moja, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 ni miligramu 150, usikadirie kwa kukata kidonge cha mtu mzima kwa meno. Aspirini usimpe mtoto.

Na muulize anakunywa dawa gani. Doksisiklini, ambayo watu wengi wananunua tu farmasi kwa kila kitu, inafanya ngozi iungue haraka juani. Ukikuta ni hiyo asiikatishe kimya kimya, amwambie aliyemwandikia.

Jua linakuwa jambo la kumkimbiza mtu pale malengelenge yanapofunika sehemu kubwa kama mgongo mzima, au yako usoni karibu na macho, au ni mtoto mdogo, au mtu ana homa, anatapika, kichwa kinamgonga, anaongea maneno hayaeleweki. Hayo ya mwisho maana yake joto limeingia mwilini mzima, si ngozi peke yake, hapo ni hospitali mara moja na njiani mnampepea na kumlowesha.

Kama ni maji ya moto, chai, uji au mafuta

Hapa kazi yote ni maji, dakika ishirini, maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka. Si barafu. Barafu inabana mishipa ya damu na inaweza kuongeza jeraha, na mtoto mdogo inampoza mwili mzima. Joto linabaki ndani ya ngozi hata baada ya uji kufutika, linaendelea kushuka chini, maji yanalivuta nje. Na hata kama mmechelewa, ndani ya saa tatu bado inafaa, kwa hiyo mkipata habari mtoto aliungua nusu saa iliyopita na hakumwagiwa maji, anzeni sasa.

Uji ni mbaya kuliko chai, nasema hivyo kwa sababu unaganda kwenye ngozi na unashikilia joto. Utoe kwanza kwa maji, usiufute kwa kitambaa kikavu, utaondoka na ngozi. Vua nguo iliyolowa palepale, ila ile iliyogandamana na ngozi usiivute, kata pembeni yake uiache. Toa pete, bangili, saa, na kwa mtoto ule uzi au shanga za kiunoni na za mkononi, toa sasa, kwa sababu baada ya saa moja sehemu itavimba na uzi utakuwa kamba.

Sasa watu watasema, dakika ishirini za maji yanayotiririka na bomba halitoki tangu juzi? Najua, ndiyo maisha yetu. Hesabu ni hii: bido moja la lita 20 ukimwaga lita moja kwa dakika linakupa dakika ishirini kamili. Maana yake gobele la nusu lita, unamimina polepole, kila nusu dakika gobele moja. Au toboa kifuniko cha chupa ya maji matundu matano kwa sindano, unaibana taratibu, inakuwa kama bomba dogo. Weka beseni safi chini, na kama bido ni hilo moja tu, maji ya kwenye beseni unaweza kuyachota tena na kuyamimina, kwa kuungua kwa moto hayana sumu. Kumbuka hiyo, kwa sababu kwa soda ni marufuku, nitafika huko.

Maji ya ziwa je? Kama ndiyo yaliyopo yatumie kupoza, usiache ngozi iendelee kupikwa ukitafuta maji safi. Ukipata maji yaliyotibiwa suuzia mwishoni. Ila kunywa, asinywe ya ziwa, kipindupindu tunakijua wote.

Mtoto mdogo mpoze pale palipoungua tu, huku kwingine mfunike blanketi kavu, hasa asubuhi na usiku na ubaridi wetu huu. Akianza kutetemeka au kulegea, acha maji, mfunike, ondoka naye.

Kama ni soda, asidi, chokaa, simenti au krimu

Hapa unashughulika na kitu ambacho bado kinafanya kazi. Mpaka kitoke chote hakuna dawa yoyote itakayosaidia, na mikono yako wewe unayesaidia iko hatarini pia, kwa hiyo vaa glovu, na kama hakuna ingiza mikono kwenye sashe mbili za plastiki nzima.

Kama ni unga au vipande vikavu, soda ya vipande au chokaa, usianze na maji. Kung'uta kwanza kwa kitambaa kikavu au kipande cha kartoni, chini na mbali na uso, kwa sababu maji kidogo juu ya soda kavu yanawasha joto palepale na unaongeza kuungua juu ya kuungua. Ukishakung'uta yote ndio maji, na yawe mengi, si ya kunyunyiza.

Kama ni majimaji, usingoje, anza kumwaga sekunde hiyohiyo huku nguo inavuliwa. Nguo yote iliyoguswa, kiatu, soksi, mkanda, vyote. Fulana usiivute kupitia kichwani, ikate kwa makasi, la sivyo utaipitisha ile soda kwenye macho. Na kama mtu ana aibu ya kuvua mbele ya watu, na wamama wengi wana haki ya kuwa nayo, waambie wanawake wawili washike vitenge viwili pembeni yake wafanye ukuta. Inachukua sekunde kumi.

Maji yatiririke kwenda chini na mbali, yasipite juu ya ngozi ambayo haijaguswa, yasiloweshe miguu yako. Yale yaliyopita yasichotwe tena, yana soda ndani. Dakika ishirini hazitoshi hapa. Kwa asidi osha nusu saa angalau, kwa soda na simenti saa nzima, na kama baada ya hapo ngozi bado inateleza, endelea. Bido la kwanza limwagwe haraka ndani ya dakika nne tano ili kuondoa nyingi, baadaye ndio mnapunguza mwendo.

Limao juu ya soda? Bikarbonati juu ya asidi? Nimesikia mara nyingi, eti moja inaua nyingine. Zikikutana zinatoa joto, na muda unaoutumia kukata limao ni muda soda inashuka chini. Maji tu.

Jicho ni habari ya peke yake. Mlaze mtu, geuza kichwa upande wa jicho lililoguswa ili maji yasivuke kwenda la pili, fungua kope kwa vidole hata kama anapigana, na mimina maji safi polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, nusu saa bila kusimama, awe anazungusha jicho juu chini. Kisha hospitali, na motari akiwa tayari muendelee kumimina mpaka mlangoni na njiani kama inawezekana. Soda kwenye jicho inaweza kupofusha.

Turudi kwa mama wa sabuni

Ndoo iligongwa saa tatu na dakika kumi hivi, mimi nimefika na robo saa imepita. Yai nililiosha kwanza, kwa sababu lilikuwa limefunika soda kama mfuniko na hakuna aliyeona chini kukoje. Nyumbani kulikuwa na bido tatu, bomba kavu, nikatuma watoto kwa majirani wakaleta nne. Mbili za kwanza tulizimaliza ndani ya dakika kumi, tano zilizobaki tukazipitisha kwenye dakika hamsini, lita mbili kwa dakika. Mama alikaa kwenye bangu mkono umening'inia mbele ili maji yaende kwenye mawe ya makoro, si kwenye miguu.

Baada ya kama dakika thelathini vidole vikaacha kuteleza, kwenye kifundo bado, tukaendelea.

Na paja? Hapo ndio nawaambia ukweli. Kila mtu alikuwa anaangalia mkono kwa sababu ndio uliouma. Kitenge kilikuwa kimelowa ile soda na kimeshikana na paja tangu saa tatu na kumi, mimi mwenyewe nilipouliza "kuna pengine?" akasema hapana, na sikufunua. Nilikuja kuona dakika kama ishirini baadaye, alipobadilisha mkao akakunja uso. Tukatoa kitenge, chini yake kiraka kama kiganja, cheupe chenye ukijivu, na nilipokigusa pembeni akasema hasikii vizuri. Ngozi iliyoungua ambayo haiumi ni mbaya kuliko inayouma, maana yake imeungua mpaka chini kwenye neva. Tukaosha paja nalo saa yake kamili, peke yake, tukaazima bido zingine.

Tangu siku hiyo mtu akiungua na kemikali siulizi kuna pengine. Nafunua.

Lengelenge lenyewe na kufunika

Usilitoboe, la aina yoyote. Ile ngozi ya juu ni bandeji ambayo mwili umejitengenezea na maji ya ndani ni safi. Likipasuka lenyewe osha taratibu kwa maji safi na sabuni laini, ngozi iliyolala iache, usiing'oe.

Funika kwa gaze safi isiyogandamana, au kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi, kikilegea. Kwa mkono unaweza kuuvalisha sashe safi ya plastiki, vidole vinabaki huru. Pamba ya kawaida usiweke, nyuzi zake zinaingia kwenye jeraha. Na hivi, tafadhali, dawa ya meno, unga wa muhogo, mawese, chumvi, kahawa, mkojo, asali ya dukani, mafuta ya injini, hakuna hata kimoja kabla ya muganga kuona. Vingine vinafungia joto, vingine vinaleta vijidudu, na vyote vinaficha rangi ya ngozi, ambayo ndiyo muganga anaisoma kujua kina. Nimeshakaa nusu saa nasugua dawa ya meno iliyokauka kwenye jeraha la mtoto wa miaka miwili, alilia kuliko alivyolia kuungua.

Nani aende leo, na aseme nini

Kuungua na kemikali waende wote, hata kakiwa kadogo. Maji ya moto aende yule aliyeungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, kwenye kiungo kama goti au kiwiko, au pamezunguka mkono au mguu kama pete, na mtoto mdogo na mzee, na yeyote mwenye sehemu kubwa kuliko kiganja chake. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia moja ya mwili wake, ndicho kipimo chetu. Mtoto akifika viganja kumi, mtu mzima kumi na tano, mwili unapoteza maji mpaka mtu anaweza kuzimia, hapo huhitaji sentri ndogo, unahitaji mahali penye sero ya mishipa, na mkiwa njiani kama ana akili timamu anywe SRO kidogo kidogo.

Mkifika mwambieni muganga mambo manne: kilichounguza, saa ngapi, maji mmemwaga dakika ngapi, na chanjo ya pepopunda mara ya mwisho ni lini. Kama ni kemikali bebeni kifungashio kimefungwa vizuri, au piga picha ya maandishi kwa simu. Mama tulimwandikia kwenye karatasi: soda kostiki, saa tatu na dakika kumi, maji saa moja mkono, saa moja paja. Mpokeaji aliisoma akampitisha mbele.

Baada ya hapo nyumbani angalieni. Maumivu yanatakiwa kupungua baada ya siku mbili, yakiongezeka, au kuna usaha, harufu, homa, joto na uvimbe unaosambaa nje ya jeraha, rudini msingoje tarehe ya randevu. Jeraha ambalo halijafunga baada ya wiki mbili lionwe tena hata kama halimsumbui mtu.

Mkono wa mama ulifunga siku ya kumi na sita, umebaki na rangi tofauti tu. Paja lilichukua zaidi ya miezi miwili na kupandikizwa ngozi, kiraka kile kimoja cha ukubwa wa kiganja. Sasa anachanganya soda nje, ndoo iko ndani ya tairi la zamani isipinduke, anamwaga soda kwenye maji kidogo kidogo wala si maji kwenye soda, na pembeni kuna bido mbili zimejaa ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa kupikia.